Valizi iliyo chini ya kitanda



Mwaka uliopita, juma la mwisho la mwezi wa pili, tulivuta valizi kubwa chini ya kitanda ili tutoe vikwembe vya tarehe 8 mwezi wa tatu. Tulijua tumevitunza vizuri: vilifuliwa, vikapigwa pasi, vikakunjwa, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Lakini tulipofungua, harufu ya uvundo ilitupiga usoni kabla hatujaona kitu. Kikwembe cha juu kilikuwa na madoa madogo meusi kwenye mikunjo yote. Viatu vyeusi vya ngozi vilikuwa vimeota manyoya meupe. Na chini kabisa kulikuwa na kikwembe ambacho mama mkwe wetu alivaa siku ya ndoa yake. Yeye mwenyewe alituletea akisema, "Kwenu kuna valizi nzuri, mnitunzie." Alikitazama, akakikunja tena, akaenda nacho chumbani kwake bila kusema neno. Afadhali angetukaripia.

Tangu siku ile tulitafuta kosa letu liko wapi. Tunawaandikia tuliyoyapata, kwa sababu nyumba nyingi hapa Bukavu zinafanana na yetu: zimejengwa kwenye mteremko, na ukuta wa nyuma umeegemea udongo wa kilima uliokatwa. Mvua inaanza mwezi wa tisa na inaendelea mpaka mwezi wa tano. Nguo inayokaa miezi yote hiyo gizani, bila kuguswa, iko hatarini.

Kuvu, ambayo wengine wanaiita koga, ni kitu chenye uhai. Mbegu zake ni ndogo mno, haziwezi kuonekana kwa macho, na ziko hewani katika kila nyumba, hata ile iliyo safi sana. Chakula chake ni pamba, ngozi, jasho lililobaki kwenye kola, na hata ile dawa ya kugandisha inayofanya kikwembe kipya kiwe kigumu. Hatuwezi kuziondoa mbegu, na chakula ndizo nguo zetu wenyewe. Kitu kimoja tu tunaweza kuinyima, nacho ni maji. Kwa hiyo tulijiuliza swali moja: maji yaliingia katika valizi yetu kwa njia gani?

Kwanza tulishuku ukuta. Tulikata kipande cha plastiki angavu, cha ukubwa wa daftari iliyofunguliwa, tukakibandika kwenye ukuta wa nyuma kwa utepe pande zote nne, hewa isipite. Tulikiacha siku mbili. Maji yakionekana juu ya plastiki, upande wa chumbani, yametoka katika hewa ya nyumba. Yakionekana chini yake, upande wa ukuta, yanatoka katika ukuta wenyewe. Kwetu yalikuwa chini. Udongo wa kilima ulikuwa unanywesha ukuta wetu, na valizi ilikuwa imeugusa, ikikaa juu ya sementi baridi.

Kukausha ukuta wa namna hiyo si kazi ya siku moja. Tulichimba mfereji nyuma ya nyumba ili maji ya mabati yaende kando, na tukaondoa udongo uliokuwa umepanda juu ya msingi. Imesaidia, lakini ukuta bado ni baridi na utabaki hivyo. Basi tulihamisha vitu. Valizi sasa iko kwenye ukuta wa katikati ya nyumba, ule usiogusa nje. Imekaa juu ya mbao mbili zilizowekwa kwenye matofali, na kati yake na ukuta mkono unapita. Hewa inazunguka pande zote.

Njia ya pili ya maji ilitushangaza, kwa sababu tuliifungua sisi wenyewe. Vikwembe tulivipiga pasi usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, tukavikunja vikiwa bado na moto, tukavifunga katika plastiki. Nguo iliyotoka kwenye pasi ya makala inaonekana kavu, lakini bado ina mvuke ndani. Ikipoa ndani ya plastiki, mvuke unarudi kuwa maji na hauna pa kutokea. Plastiki haina kosa: ikifungwa juu ya nguo kavu, inazuia unyevu usiingie. Ikifungwa juu ya nguo yenye mvuke, inaulinda unyevu usitoke.

Siku hizi nguo iliyopigwa pasi tunaitundika wazi saa moja au mbili mpaka ipoe kabisa. Kama tuna shaka, tunaitia katika mfuko angavu, tunaufunga, na kuuweka juani nusu saa. Mfuko ukifanya jasho ndani, nguo bado. Tena, nguo ya kukaa miezi hatuitii wanga, na hatuirudishi katika valizi kama imevaliwa hata mara moja bila kufuliwa.

Njia ya tatu ni hewa ya nyumba. Wakati wa mvua tulikuwa tunaanika nguo kwenye kamba chumbani, mlango na dirisha vimefungwa. Siku moja tuliazima mizani ya jirani anayeuza unga. Tulipima shuka mbili na blanketi dogo baada ya kukamua, kisha tukapima tena zilipokauka. Tofauti ilikuwa kilo mbili na kidogo. Maana yake lita mbili za maji zilikuwa zimeingia katika hewa ya chumba kile tunacholala, na sehemu yake ilitafuta mahali baridi pa kutulia: ukuta, sementi, kufuli la valizi. Sasa tunaanika barazani chini ya bati. Mvua ikitulazimisha kuanika ndani, tunafungua dirisha mpaka kamba iwe tupu, na valizi haikai katika chumba hicho.

Ili kujua kama valizi yenyewe ni kavu, tunatumia chumvi ya jikoni. Tunaikaanga kidogo katika sufuria ikauke, tunaweka kijiko kimoja katika kifuniko cha chupa, na kukiacha ndani ya valizi iliyofungwa mpaka kesho yake. Chumvi inaanza kuyeyuka yenyewe pale unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, na hapo ndipo kuvu nayo inapata nafasi. Tukiikuta kavu, tunafunga kwa amani. Tukiikuta imelowana, tunatoa nguo zote. Chumvi hiyo ni shahidi tu, haikaushi valizi. Isiachwe humo majuma, maana itadondosha maji juu ya nguo. Hata makala yanayowekwa katika kitambaa yanapunguza harufu kidogo, lakini yakishashiba unyevu hayafanyi kazi tena mpaka yaanikwe.

Siku ya posho, jua likitoka, tunafungua valizi tangu saa nne ya asubuhi mpaka saa nane, tunakunjua nguo na kuzikunja upya kwa mikunjo mingine. Mwezi wa sita, kiangazi kikianza, kila kitu kinatoka nje siku nzima, na valizi yenyewe inalazwa juani ikiwa wazi.

Na zile nguo zilizoharibika tulizifanyaje? Tulizitoa nje kwanza, tukajifunga kitambaa puani, tukazipiga brashi zikiwa kavu, upande ule upepo unakokwenda. Ukipiga brashi chumbani unapanda mbegu kwa kabati zima. Kisha tulichanganya bilauri moja ya siki, ile ambayo madukani wanaiita vinegre, katika lita tano za maji, tukaloweka nguo kwa saa moja, tukafua kwa sabuni na kuanika juani. Harufu iliisha. Madoa mengi yalififia, mengine yalibaki, kwa sababu kuvu ikikaa muda mrefu inatia rangi ndani ya nyuzi na hata kuzila. Maji ya Javeli yanafaa kwa pamba nyeupe tu. Wamama, msiyachanganye kamwe na siki: mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Viatu tulivipangusa kwa kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu, tukatoa soli za ndani, tukajaza magazeti makavu. Kila asubuhi tulibadilisha gazeti mpaka siku lilipotoka likiwa kavu na linalia mkononi. Ilichukua siku nne. Tulivikausha kivulini penye upepo, maana jua kali na moto wa mbabula vinapasua ngozi. Mwisho tukapaka shurubu, juu na kwenye mishono.

Jambo la mwisho linahusu watoto, na ndilo lililotutia hofu zaidi. Wifi wetu alikuwa na mimba ya miezi minane, na nguo za mtoto zilikuwa katika valizi ileile. Tulipoona kuvu, tulikimbilia sokoni kununua vidonge vyeupe vya naftalini tukavitia humo. Muuguzi mmoja wa uzazi, alipoisikia harufu kwenye shali ya wifi, alimwomba avitoe siku hiyohiyo. Alitueleza kwamba naftalini inaua wadudu wanaotoboa nguo, wala haikaushi unyevu unaolisha kuvu. Na kuna watoto wanaozaliwa na upungufu fulani katika damu unaoitwa G6PD, ambao si haba katika nchi zenye malaria. Mvuke wa naftalini katika nguo na blanketi unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao: mtoto anakuwa manjano machoni, anadhoofika, mkojo unakuwa mweusi. Akionekana hivyo, apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Huwezi kumjua mtoto mwenye upungufu huo kwa kumtazama. Tulitupa vidonge, tukafua nguo zote za mtoto mara mbili, tukazianika juani siku kadhaa mpaka harufu ikaisha kabisa. Mtoto alizaliwa salama, na nguo zake sasa ziko kwenye rafu iliyo wazi, mbali na ukuta.

Mwaka huu, juma la mwisho la mwezi wa pili, tulivuta valizi tena. Chumvi ilikuwa kavu, na vikwembe vilikuwa na harufu ya sabuni tu. Kile cha mama mkwe bado kina madoa mawili karibu na pindo, hayatoki. Jioni ile alikuja nacho kimekunjwa mkononi, akauliza valizi imekaa wapi siku hizi. Tulimwonyesha mbao na matofali. Alipitisha mkono nyuma yake, kati ya valizi na ukuta, kisha akakiweka ndani yeye mwenyewe.