Barua ya Shangazi kwa Benki

Shangazi yangu anauza vitenge Kariakoo. Juzi tuliandika pamoja, kwa simu, barua yake ya kuomba benki mtaji wa kuongeza mzigo. Nikauliza kwa nini anataka rejesho la shilingi 150,000 tu wakati anauza milioni 6 kwa mwezi. Akacheka. “Mwanangu, hiyo si hela yangu.”

Mzigo wenyewe unakula milioni 4 na nusu. Pango, usafiri na matumizi ya nyumbani ni 1,050,000. Kinachobaki ni 450,000. Ila mwezi mbaya anauza milioni 5. Robo yake ndiyo faida, yaani 1,250,000. Ukitoa gharama zilezile, zinabaki 200,000. Rejesho haliulizi mwezi ulikuwaje, kwa hiyo anapima kwa mwezi mbaya.

Kwenye stoku akatenganisha vitenge vinavyotoka haraka na vilivyolala, vyote kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia. Ofisa wa mikopo akija dukani atahesabu mwenyewe. Akikuta rafu na barua zinapishana, hata daftari la mauzo hataliamini tena.