Ndevu za kijana na vipele vya chini ya taya

Juma hili tuzungumze juu ya ndevu. Msicheke. Wengi wetu tuna vijana ambao shingo yao, pale chini ya taya, imejaa vipele vyeusi, na majirani wanasema ni uchafu au ugonjwa wa kuambukiza. Kwangu ilikuwa kijana wangu wa pili, mwenye miaka 19. Alijinyoa kila asubuhi, na vipele vikazidi. Akafikia kukataa kuimba mbele ya watu pamoja na wenzake, na hata katika jua kali alifunga kola mpaka juu.

Mdogo wangu ni kinyozi hapa Bukavu. Alimketisha mpwa wake karibu na dirisha, akaniita nitazame. Ndani ya kipele kimoja niliona uzi mweusi umejikunja kama ndoana ya samaki. Akasema, "Yaya, huu si uchafu. Ni unywele unaorudi nyumbani."

Alinieleza hivi. Ndevu zetu ni ngumu na zinajikunja tangu ndani ya ngozi. Wembe unazikata kwa mshazari, nazo zinabaki na ncha kali kama sindano. Mtu akivuta ngozi anapojinyoa, au akitumia wembe wenye makali mawili au matatu, unywele unakatwa chini ya ngozi kabisa. Ukianza kuota, ncha inachoma ngozi kutoka ndani, au inatoka nje, inajikunja na kuingia tena. Mwili unaipiga vita kama mwiba, ndiyo maana panavimba. Chini ya taya ni pabaya zaidi, kwa sababu pale nywele zinaelekea pande nyingi na kola inazisugua.

Basi dawa ya kwanza ilikuwa kuacha wembe kwa majuma manne. Juma la kwanza lilikuwa gumu, vipele viliwasha sana, na kijana alitaka kurudi kwenye wembe. Asubuhi na jioni aliweka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, kisha akasugua polepole kwa mzunguko na mswaki laini wa kazi hiyo tu. Nywele nyingi zilipokua zilijichomoa zenyewe. Ile iliyoonekana imejikunja juu ya ngozi, mjomba wake aliinyanyua ncha kwa sindano iliyochemshwa, bila kuing'oa. Ukiing'oa, itakayofuata inaweza kuota tena chini ya ngozi.

Baada ya hapo ndipo alizitengeneza. Alizikata zikiwa kavu, kwa sababu unywele wa kujikunja ukilowa unarefuka. Ukiukata hivyo, ukikauka unakuwa mfupi kuliko ulivyotaka. Alivika mashine kichana namba 1, kinachoacha milimita 3, akapitisha kufuata upande nywele zinakoelekea. Upande huo unajulikana kwa kidole: ukipapasa na pakawa laini, unafuata, pakikwaruza, unakwenda kinyume.

Mstari wa chini hakuuweka juu ya mfupa wa taya, ingawa vijana wengi wanaupenda pale. Aliweka vidole viwili juu ya kile kifundo cha koo kinachopanda mtu akimeza, akakata kutoka hapo kwa mviringo mpaka nyuma ya masikio. Hivyo taya yote inabaki imefunikwa na ndevu fupi, wala wembe haufiki pale pabaya. Chini ya mstari alipitisha mashine bila kichana, lakini bila kuikandamiza wala kuvuta ngozi. Palibaki kivuli kidogo cha nywele, na kivuli hicho ndicho kinga.

Ili zilale vizuri, kijana anaziosha, anazichana zikiwa na unyevu kwa kichana cha meno mapana, anapaka matone mawili ya mafuta ya nazi, kisha anazikandamiza kwa kitambaa kwa dakika chache. Kila juma anazipunguza. Vipele vipya vimekoma. Madoa meusi yanafifia taratibu, na sikumruhusu kupaka krimu ya kung'arisha ngozi, kwa maana nyingi zina dawa kali zinazoharibu uso.

Kuna mambo ambayo kinyozi hawezi. Kipele kikitoa usaha, kikiuma sana au kikileta homa, mpeleke kituo cha afya. Hata kovu linaloendelea kukua na kuwa gumu, lionyeshe kwa muganga kabla halijawa kubwa. Na kijana ambaye kazi yake inamlazimu kunyoa aombe kuacha milimita 1 tu kwa mashine. Kwa mbali uso unaonekana umenyolewa.

Kila kijana awe na kichana na mswaki wake. Akienda saluni, kinyozi asafishe meno ya mashine kwa alkoli mbele ya macho yake kabla ya kuanza, kwa sababu ngozi yenye vipele inatoka damu upesi.