Dakika Tano za Solusheni

Video yangu ya kwanza ya kuziba pancha niliipiga nikiwa nimesimama mbele ya fundi. Ukiitazama unaona kofia yake na migongo ya mikono, tyubu yenyewe imefichika. Tena mkono wake wa kulia uko kushoto kwako.

Ya pili nikalaza ubao juu ya matofali, nikafunga simu kwenye ncha yake kwa mpira wa tyubu kuukuu, kamera ikitazama chini. Fundi alikaa upande ambao mikono yake inaingilia chini ya picha, kama vile ni mikono yako wewe mtazamaji. Kwenye beseni simu ilihangaika, mara ishike maji, mara ishike sakafu ya beseni. Nikagusa tyubu kwenye kioo, nikashikilia kidole mpaka ikatulia. Hapo tundu likaonekana likitoa mapovu.

Ila nilikosea kwenye solusheni. Baada ya kupiga msasa unapaka, unasubiri kama dakika tano ikauke, ndipo unabandika kiraka. Nani atatazama gundi dakika tano? Nikaweka simu ipige picha moja kila sekunde. Picha 300, zikichezwa 30 kwa sekunde, zinaisha kwa sekunde kumi. Niliona nimefanya kazi safi.

Wiki hiyohiyo kijana wa jirani, anayebebea watu mizigo kwa baiskeli hapa Nyarugusu, alirudi akiisukuma, gunia la mahindi limelala juu. Kiraka kilikuwa kimeteleza. "Kaka, nilihesabu mpaka kumi kama kwenye video yako," akaniambia. Siku yake ya kazi ilikuwa imekwisha. Sikuwa na la kujibu.

Solusheni ikiwa bado mbichi, kiraka kinafungia umajimaji ndani na hakishiki. Dalili ya kukauka ni kwamba mng'ao unapotea, na ukigusa pembeni inanata kidogo bila kuacha gundi kidoleni. Sasa kamera yangu ya juu ilikuwa haioni mng'ao kabisa! Mng'ao unaonekana ukiinamisha simu, karibu na usawa wa meza, mwanga ukitokea upande wa pili.

Tukarudia. Sehemu ya solusheni niliipiga kwa pembeni hivyo, na saa ya mkononi kando ya tyubu, mshale wake ukikimbia. Kwa kuwa picha za kukimbiza hazina sauti, tuliandika kwenye kipande cha katoni: DAKIKA 5, na chini yake IMINOTA 5 kwa Warundi. Halafu nikarudi kwenye mwendo wa kawaida, karibu kabisa, fundi akigusa kwa kidole na kukionyesha kikavu.

Ile ya zamani nimeifuta kwangu, lakini watu walisharushiana kwa Bluetooth na bado inazunguka. Ukiikuta kwenye simu ya mtu, ni ile isiyo na saa.