Bosi Anapokuomba Urafiki

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huku Nchelenge, Zambia, uvuvi umefungwa tangu tarehe 1 Desemba, na hautafunguliwa hadi Februari iishe. Soko la samaki la Kashikishi limepoa, mitumbwi imelala mchangani, watu wanashinda na simu. Ndipo meneja wangu, mzee wa Kikongo kutoka Pweto, akanitumia ombi la urafiki Facebook.

Ni mtu muungwana na ninamheshimu. Lakini ukurasa wangu una picha za harusi ya dada na maneno ya ndugu juu ya shamba la urithi. Hayo si ya ofisini.

Kulifuta ombi ni rahisi, na Facebook haimtangazii mtu kwamba amekataliwa. Ila akipita tena kwako anaweza kugundua kwamba ombi lake halisubiri tena, naye ataelewa. Kwenye mji mdogo kama huu, mtu uliyemnyima hivyo utakutana naye kazini, sokoni na kanisani. Kwa hiyo ombi nililiacha lilivyo. Hata hivyo, ombi likikaa bila kujibiwa, aliyelituma anaweza kuendelea kuletewa yale unayoyaandika hadharani. Niliingia kwenye mipangilio, nikabonyeza Limit Past Posts, na yote ya zamani yakabaki kwa marafiki tu.

Kisha nikaenda kusema naye kabla hajaniuliza, maana kimya ndicho kinachoumiza. Tulipomaliza kujuliana hali nikamwambia: "Mzee, ombi lako nimeliona, na ninashukuru kwa kunikumbuka. Ule ukurasa nimewaachia ndugu zangu wa Kigoma; wa kazini sijamweka hata mmoja. Ukinihitaji, WhatsApp nipo." Akasema hakuna shida, akaniuliza habari za mama.

Nguvu ya jibu hilo iko kwenye "hata mmoja", kwa sababu linahusu kazi nzima, si yeye. Lazima liwe kweli. Facebook humwonyesha mtu marafiki anaoshirikiana nawe. Akimwona karani wa stoo kwenye orodha yako, heshima yote imekwisha.

Mwenye wafanyakazi wenzake ukurasani asitumie maneno hayo. Ni heri amkubali bosi, kisha amweke kwenye orodha ya Restricted. Bosi hatajulishwa, ataona ya hadharani tu, na yale uliyomtaja humo. Mfanyie hivyo papo hapo, kabla hajaanza kupekua picha.

Orodha hiyo nayo ina mpaka wake. Ukichangia maneno chini ya andiko la rafiki yenu wote wawili, bosi atayasoma, kwa kuwa anayeamua nani aone ni mwenye andiko. Binamu akikutaja kwenye picha za sherehe, inategemea yeye ameziwekea uwazi gani. Binamu zangu wawili nimeshawapigia simu; waliobaki, nawaomba mnisaidie hapo.