Kura 214 za Blenda Iliyokwisha Badilika

Mimi nilikuwa mtu wa maoni matatu. Nikitaka kununua kitu mtandaoni nilisoma maoni matatu ya juu, nikalipa. Ndivyo nilivyonunua blenda ya biashara yangu ya juisi. Maoni ya juu kabisa yalikuwa na kura 214 za wasomaji waliobonyeza kwamba yamewasaidia: mota ina nguvu, barafu inasagika. Yangu ilianza kunuka kuungua wiki ya tatu, embe zikiwa bado kwenye jagi.

Mpwa wangu, anayeandika programu, alicheka. "Shangazi, uliangalia tarehe?" Sikuwa nimeangalia. Maoni yale yalikuwa ya miaka mitatu nyuma. Tulipobadilisha mpangilio kuwa `Most recent`, tukakuta mtu baada ya mtu akilalamika kwamba mota ya sasa si ile ya zamani. Wengi wao hawakuwa na kura hata moja.

Nikamuuliza, nani hupanga? Akachukua karatasi. Tuseme maoni ya kwanza yamepigiwa kura 3, zote za "yamenisaidia". Ya pili yana kura 50, 40 zikikubali na 10 zikikataa. Ukipanga kwa asilimia tupu, yale ya watu 3 yanashinda, 100 kwa 80, ingawa hao watatu wanaweza kuwa ndugu wa muuzaji. Kwa hiyo zipo programu zinazotumia hesabu aliyoitoa Edwin Wilson mwaka 1927. Yeye huuliza: kwa kura chache hivi, kiwango cha chini tunachoweza kukitegemea ni kipi? Kwa uhakika wa asilimia 95, 3 kwa 3 hushuka hadi kama asilimia 44, na 40 kwa 50 hubaki kama 67. Ya pili yanapanda juu. Nilikubali, hata mimi simwamini mteja aliyeonja mara moja.

Lakini hesabu hiyo haijui kalenda. Kura ya miaka mitatu iliyopita ina uzito uleule wa kura ya jana, mpaka aliyetengeneza mpangilio aamue kuipunguza. Na kuna hili lililoniuma zaidi: maoni yaliyo juu ndiyo yanayosomwa, yanayosomwa ndiyo yanayopigiwa kura, na kura ndizo zinazoyabakiza juu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebonyeza. Kati ya zile 214, moja ni yangu, niliyoipiga kabla blenda haijafika mlangoni.

Siku hizi naanza na mapya, kisha nasoma ya nyota mbili na tatu, maana huko watu hueleza kilichoharibika na lini. Kura yangu naiweka mpaka kitu kimalize mwezi.

Malalamiko yangu kuhusu ile mota nayo niliyaandika. Mara ya mwisho kuyatafuta yalikuwa ukurasa wa tisa, na kura mbili. Moja ni ya mpwa wangu.