Bahati Nasibu si Ridhaa

Mkoani Mwanza utafiti wa tiba si jambo geni. Kati ya mwaka 1991 na 1994, jumuiya 12 za mkoa huu zilishiriki utafiti uliobainisha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Tafiti nyingine zimefuata, na mara nyingi fomu ya ridhaa huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Mimi ni miongoni mwa wahadhiri wanaozifasiri kwa mkataba, jioni baada ya vipindi.

Ubora wa fomu hizo hukaguliwa kwa tafsiri rejea. Mfasiri wa pili, asiyeiona fomu ya awali, hurudisha Kiswahili katika Kiingereza, kisha matini mbili za Kiingereza hulinganishwa. Zikioana, kazi hupokelewa.

Tuchukue sentensi inayoeleza jinsi washiriki wanavyogawanywa: baadhi watapewa dawa mpya, wengine kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa. Wafasiri wengi huandika, "Utapangwa kwa bahati nasibu." Mfasiri wa pili, anayeijua istilahi ya utafiti, hulirejesha neno lile lile la Kiingereza, na mkaguzi huridhika. Lakini kwa mvuvi wa Igombe, bahati nasibu ni mchezo wa kushinda fedha. Ataiona dawa mpya kuwa zawadi, ilhali utafiti unafanyika kwa sababu haijajulikana kama inafaa.

Kwa hiyo mimi huandika: "Hutachagua kundi, wala daktari hatakuchagulia. Kompyuta itakupanga bila kuangalia wewe ni nani wala unaumwa kiasi gani. Hatujui bado ni kundi lipi litakalopata nafuu zaidi."

Kisha sentensi hiyo isomwe mwaloni mbele ya watu watano au sita wasio washiriki. Wasiulizwe kama wameelewa, maana kwa heshima watasema ndiyo. Waulizwe: "Nani ataamua upate kidonge kipi?" Mtu akijibu, "Daktari atanipa kinachonifaa," sentensi imeshindwa, hata kama tafsiri rejea imeoana neno kwa neno.

Kikwazo ni malipo, ambayo huhesabiwa kwa maneno ya Kiingereza. Tuseme fomu ina maneno 2,000, kila neno shilingi 100. Mfasiri hupata shilingi 200,000, awe ameandika maneno mawili ya mkato au sentensi tatu zinazoeleweka. Siku mbili za mwaloni hazimo katika hesabu. Ndiyo maana hudai zitajwe katika mkataba na zilipwe kwa siku.

Kamati za maadili nazo zidai majibu ya mwaloni kabla ya kuidhinisha fomu. Anayeweka dole gumba chini ya karatasi hana tafsiri rejea ya kumlinda. Ana sentensi aliyosomewa tu.