Sukari 6.8

Saa nne usiku binamu yangu alinitumia picha ya matokeo ya maabara. "Hebu cheki. Niko sawa kweli?" Glukosi 6.8, na herufi H kando. Baba yake alifariki kwa ugonjwa wa sukari, kwa hivyo nilijua anauliza nini.

Mimi hupima damu tu, si daktari. Nikamuuliza, ulikuwa umekula?

"Chai na mandazi mbili, kama saa moja hivi kabla."

Kile kiwango kilichochapishwa, 3.9 hadi 5.6, ni cha aliyekaa angalau saa nane bila kula. Ukishakula, sukari hupanda hata kama huna ugonjwa. Sikumwambia yuko salama wala ni mgonjwa. Nambari hiyo pekee haitoshi. Arudie asubuhi kabla ya kula, daktari asome.

"Hata chai ya rangi?"

"Maji tu."